Bibi msimulizi kwenye filamu fupi: afungue na kufunga tu, akatize katikati, au asikike sauti bila kuonekana?

Mtoto wa Kiwira
Wakuu, habari za jioni. Niko Tukuyu, naandaa filamu ya dakika 18. Binti yatima anavunja chungu cha mama wa kambo akichota maji mto Kiwira, anafukuzwa akatafute kingine kinachofanana nacho. Hadithi inasimuliwa na bibi jikoni usiku, wajukuu saba wamezunguka mafiga.

Nimeandika skripti tatu. Ya kwanza, bibi anasema "Hadithi hadithi!", watoto wanajibu "Hadithi njoo!", tunaenda mtoni, tunarudi jikoni mwishoni tu. Ya pili, tunarudi kwa bibi mara nne, watoto wakiuliza na kuitikia. Ya tatu, bibi haonekani, ni sauti juu ya picha. Nina kamera moja, maiki moja na usiku mbili za kupiga jikoni. Mngechagua ipi?

Dada wa Uyole
Ya tatu, bila kufikiri mara mbili. Unamrekodi bibi chumbani na blanketi mlangoni, usiku mbili zote zinabaki. Watu wetu wameshazoea msimulizi asiyeonekana, si wamekulia kwenye vibanda umiza wakimsikiliza mtafsiri wa filamu? Hawatashangaa.

Fundi Mkasi, Iringa
Dada, kuhusu gharama uko sahihi. Ila yule mtafsiri wa kibandani alikuwa anaongea na ukumbi. Watu walicheka, naye akachukua kicheko chao akakiendeleza. Ukibakiza sauti tu, umebaki na mtambaji asiye na wa kumwitikia, na hapo "Hadithi hadithi!" inakuwa tangazo.

Mtoto wa Kiwira, kabla ya kuchagua, chukua skripti yako ufute maneno yote ya bibi. Kama hadithi inaeleweka vilevile, bibi ni pambo. Mimi niliwahi kuediti filamu ya namna hii. Picha inaonyesha msichana analia njiani, sauti inasema "msichana akaenda akilia". Dakika nzima za hivyo. Watazamaji walianza kuongea wao kwa wao, kwa sababu walishaambiwa na macho yao. Tulikata zaidi ya nusu ya maneno ya msimulizi na hakuna aliyeuliza yameenda wapi.

Mwachie bibi kile ambacho kamera inakishindwa. "Akatembea, akatembea, akatembeaaa" ya bibi inabeba safari ya siku tatu ndani ya pumzi moja, wakati kwa picha ungehitaji sini tano. Na mwachie kuficha jambo. Mjukuu anauliza "Bibi, mama wa kambo alimchukia kwa nini?" bibi anasukuma kuni, hajibu. Pale jikoni pameanza kuwa na kisa chake.

Tazama *Keïta! L'héritage du griot* ya Dani Kouyaté wa Burkina Faso, ya mwaka 1995. Msimulizi mzee anafika mjini kumfundisha mtoto asili ya jina lake. Hadithi ni ya zamani sana, lakini ugomvi uko sebuleni, kwa sababu mtoto anaanza kuiacha shule na mwalimu na mama wanakasirika. Mzee anaondoka hadithi haijaisha, na hapo ndipo mtoto anaachiwa mzigo. Bibi wako ana ugomvi gani na yeyote pale jikoni? Ukiupata, njia ya pili inasimama. Usipoupata, kila ukirudi jikoni utakuwa unaikatiza safari ya binti bure, na ya kwanza itakufaa zaidi.

Mzee wa Makete
Nawapongeza vijana kwa kukusanya hadithi za wazee. Mimi nilitaka kumrekodi mama yangu kwa simu, saa nane mchana. Akakataa kata kata, akasema hadithi hazisimuliwi jua likiwaka. Nikadhani amechoka. Usiku ule, moto umewashwa, watukuu wamejibanza kwa baridi, akaanza mwenyewe bila kuombwa. Simu nilikuwa nimeiacha chumbani. Wahini kurekodi.

Mtoto wa Kiwira
Shikamoo mzee. Hii ni filamu ya kutunga, bibi ni mwigizaji, lakini umenisaidia mno. Nilikuwa na wazo la kuziba madirisha kwa turubai tupige mchana.

Sauti ya Rungwe
Usizibe. Nimefanya kazi ya turubai. Watoto walikuwa wamechangamka, wanataka kucheza, na mwitikio wao ulisikika kama wa darasani. Usiku sauti inashuka yenyewe.

Sasa kuhusu mwitikio. Teki ya kwanza watoto watajibu "Hadithi njoo!" kwa moyo. Ya pili nusu. Ya nne wanaimba kama wanahesabu namba, na utajua kwa sababu wote wanaanza na kuishia pamoja. Mwitikio wa kweli una mmoja anayewahi na mmoja anayechelewa. Kwa hiyo usiku wa kwanza elekeza kamera kwa watoto tu, na bibi awasimulie hadithi nyingine kabisa ambayo hawajawahi kuisikia, hadi mwisho, bila kukata. Nyuso za kushangaa na kuogopa utazipata humo. Usiku wa pili geuza kamera kwa bibi, watoto wakiwa wamekaa palepale ili macho yake yawe na pa kutua.

Na chunga moto. Kamera moja maana yake teki ya saa mbili usiku na ya saa nne zitakaa kando kwa kando, na moto utakuwa umeshuka. Weka taa ndogo ya rangi ya moto nyuma ya chungu, ndiyo ibebe mwanga, moto wenyewe ubaki wa kuonekana. Kuni ziwe za miwati iliyokauka. Mlingoti mbichi utakupa moshi, na watoto saba wanaokohoa hawana dawa kwenye kuediti.

Fundi Mkasi, Iringa
Nimekumbuka kitu, samahani kwa kurudi. Ngano yako ina wimbo?

Mtoto wa Kiwira
Upo. Binti anauimba kila anapokutana na mtu njiani, mara nne. Bibi anaanzisha, watoto wanapokea kiitikio.

Fundi Mkasi, Iringa
Basi usirudi jikoni kwa picha, rudi kwa wimbo. Binti yuko porini, anaimba mstari wake, na kiitikio kinajibiwa na wale watoto saba ambao hatuwaoni. Mtazamaji anajua jikoni bado wapo macho. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu binti anaimba, na hakuna anayeitikia. Hapo ndipo unakata kwenda jikoni, mara moja tu: watoto wamenyamaza, wameogopa, bibi anawatazama. Mara ya nne aitikie mtoto mmoja, yule mdogo.

Gharama yake ni kurekodi kiitikio peke yake, kamera imezimwa, maiki karibu, mara tatu au nne kwa sauti ya juu, ya chini na ya mtoto mmoja. Fanya hivyo usiku wa kwanza kabla hawajasinzia.

Dada wa Uyole
Hii nimeikubali kuliko yangu. Lakini wimbo uwe Kiswahili, jamani. Mtu wa Songea au Dodoma aitikie nini?

Sauti ya Rungwe
Hapana dada. Kiitikio ni maneno mawili matatu. Kikisikika mara mbili kwa Kinyakyusa, mtu wa Dodoma atakuwa ameshakishika. Ukikitafsiri, mapigo yake yanavunjika, maneno ya Kiswahili ni marefu mno kwa ule mdundo.

Dada wa Uyole
Atakishika bila kujua anachosema. Mimi silikubali hilo.

Mtoto wa Kiwira
Naandika upya kwa njia ya wimbo. Lugha bado sijaamua. Kesho jioni naenda kwa bibi, nitamwomba auimbe kwa lugha zote mbili mbele ya watoto nione wapi wanadakia wenyewe.

Mzee wa Makete
Nenda na simu yenye chaji.