Laivu inakatakata usiku, naomba ushauri

Habari zenu wakuu, nastrimu gemu laivu kutoka home Tabata, aplodi nikipima inasoma Mbps 5 lakini ikifika saa 2 usiku OBS inaanza kuhesabu "Dropped frames". Nimeacha waifai natumia waya, bitreti nimeshusha toka 4500 hadi 3000, bado. Jana nikapiga hii huku niko laivu:

```
ping -n 100 8.8.8.8
```

Ikawa inacheza 15 hadi 40, ila simu ya waifu ilipoanza kubakapu picha ikaruka 380! Kupingi ruta yenyewe ni 1 tu muda wote.

Sasa nikiweka SQM kwenye ruta nibane aplodi kwenye ngapi? Na kwa klaudi gemu, jita ikizidi ngapi ndo haichezeki?