Naomba ushauri: nimwambie vipi, na wakati gani?

Assalam aleikum ndugu zangu. Niko hapa Lamu. Kuna dada anauza mabuyu karibu na Mkunguni, na miezi 3 sasa tunataniana. Nikinunua ya shilingi 20 huniongezea kiganja kizima. Juzi aliniuliza, "Jana mbona hukupita?" na hakuwa anacheka. Moyo ulinienda mbio.

Nataka kumwambia wazi, ila si mbele ya wateja, maana hapo atalazimika kuligeuza mzaha. Nafikiria jioni akifunga, nimwambie: "Nimekupenda, sitanii. Kama hutaki, niambie tu, sitakusumbua." Je, "nimekupenda" ni zito mno kwa mara ya kwanza? Au nitangulize kumuuliza kama ana mchumba?