Pembe mbili, Longonot na Suswa: mistari inakutana mita 700 pembeni. Kosa liko wapi?

Kasomaramani
Wadau, naombeni jicho lenu. Niko uwanda wa Kedong, kusini-magharibi mwa Mai Mahiu. Ramani ni za 1:50,000, na dira ni ya bamba la plastiki, pete yake imegawanywa kwa digrii mbili mbili. Longonot nimesoma 324, Suswa 231. Nikirudia kupima, tofauti haizidi digrii moja. Nimechora mistari yote miwili, lakini inapokutana ni kama sentimita 1.4 magharibi ya nukta niliyoweka kwa namba za simu. Hiyo ni mita 700. Nianze kutilia shaka nini: dira, uchoraji au simu?

Nyundo254
Umesahau kutoa 180. Pembe uliyosoma inatoka kwako kwenda mlimani, na wewe unataka inayotoka mlimani kuja kwako. Longonot ichorwe 144, Suswa 051. Ukichora 324 kutoka Longonot, mstari unakimbilia Naivasha. Chora upya, utaona.

Mzee_wa_Kontua
Nyundo, hesabu yako ni sahihi ila si dawa ya tatizo hili. Mstari wa 324 unaopita kwenye kilele na ule wa 144 unaopita hapo hapo ni mstari mmoja. Ukiurefusha pande zote mbili, kutoa au kutotoa hakubadilishi kitu. Angekosea hapo, mistari isingekutana mita 700 pembeni. Ingeachana kabisa, au angejikuta upande wa pili wa milima.

Kwa dira ya bamba wala hakuna haja ya kutoa chochote. Acha pete kwenye 324 kama ulivyosoma. Weka ukingo wa bamba juu ya kilele kwenye ramani, kisha zungusha bamba zima, si pete, mpaka mistari iliyo ndani ya pete iwe sambamba na mistari ya gridi na alama ya kaskazini ielekee juu ya karatasi. Sindano usiiangalie kabisa wakati huo. Mshale wa bamba uelekee mlimani, na wewe uko mahali fulani kwenye ukingo ule, upande wa nyuma ya mshale.

Kasomaramani, nijibu mawili. Longonot ulilenga sehemu gani hasa? Na simu imewekwa kwenye datamu ipi?

Msafiri_wa_Bonde
Ukitaka kufika Longonot, shika 324, chagua mti ulio mbele kwenye mstari huo, nenda hadi hapo, pima tena. Usiangalie dira huku unatembea.

Kasomaramani
Asante Msafiri, lakini siendi Longonot, natafuta nilipo. Mzee, nililenga katikati ya mlima, maana juu ni kama umekatwa. Kwenye ramani nimeanzia alama ya kilele, 2,776. Simu inaonyesha UTM, kanda ya 37, WGS84.

Mzee_wa_Kontua
Basi una makosa mawili, na moja linalificha lingine.

Tuanze na simu. Ramani zetu za 1:50,000 zimechorwa kwa datamu ya Arc 1960. Soma maandishi ya pembeni uhakikishe. Namba za WGS84 ukizipachika kwenye gridi hiyo, nukta inaangukia karibu mita 300 kusini na kama 90 mashariki ya mahali ulipo kweli. Kwa hiyo sogeza nukta yako milimita 6 kaskazini na karibu milimita 2 magharibi. Kama programu yako ina Arc 1960 kwenye mipangilio, ibadilishe huko.

Sasa pima tena tofauti. Makutano ya mistari hayako tena magharibi ya nukta. Yako kusini-magharibi, kama mita 600 magharibi na 300 kusini. Huko ndiko kuliko na Suswa. Yaani nukta yako iliyorekebishwa iko karibu juu ya mstari wa Suswa wenyewe, ila makutano yameteleza kwenye mstari huo. Makutano yakiteleza kwenye mstari mmoja, mwenye kosa ni mstari wa pili. Kwa hiyo Suswa yako ni nzuri, Longonot ndiyo mbovu.

Na sababu umeitaja mwenyewe. Longonot ni kreta yenye upana wa karibu kilomita 1.8. Ulipo ni kama kilomita 16 kutoka hapo, kwa hiyo mlango wa kreta unachukua zaidi ya digrii 6 machoni pako. Kilele kiko ukingo wa magharibi. Ukitazama kutoka kusini-mashariki, kinaangukia kushoto mwa umbo la mlima. Ulilenga katikati, ukachora kutoka kileleni. Hiyo ni kama digrii 2 na nusu, na kwa umbali huo ni mita 700.

Kurudia kupima hakungekuonyesha kosa hili, kwa sababu kila mara ulilenga pale pale pasipo pake.

Bi_Rukia
Samahani Mzee, Suswa nayo si pana kuliko Longonot? Mimi huwa siiamini kabisa, mgongo wake ni mrefu.

Mzee_wa_Kontua
Uko sahihi dada. Ni volkano iliyolala, na kreta yake ya nje ni kubwa mno. Inafaa tu ukilenga kilele cha Ol Doinyo Onyoke, na ukungu wa vumbi ukiwepo hukioni. Pia iko kilomita 26 hivi. Kila digrii moja ya kosa ni mita 17 na nusu kwa kila kilomita, kwa hiyo digrii moja ya Suswa ni mita 450. Sisemi imethibitika, nasema inakubaliana na nukta.

Nyundo254
Angeongeza Ngong kama alama ya tatu basi. Lamwia haifichiki.

Mzee_wa_Kontua
Kutoka alipo ni zaidi ya kilomita 40. Digrii 2 hapo ni kilomita moja na nusu. Alama ya tatu iwe ya karibu, hata kilima kidogo chenye kontua mbili tatu kilicho kilomita 3, na pembe yake isikaribiane na 324 wala 231. Zake mbili zimeachana digrii 93, hilo lilikuwa chaguo zuri. Zingeachana digrii 30 tu, kosa dogo lingemburuta mbali sana.

Bi_Rukia
Niongeze la karatasi. Kila karatasi inafunika dakika 15 kwa 15, na hapo Longonot, Suswa na yeye mwenyewe wako kwenye karatasi tatu tofauti. Umeziunganisha vipi? Pengo la milimita 2 ni mita 100. Usiunganishe kwa ukingo wa karatasi. Kata pambizo, kisha linganisha mistari ya gridi. Na mstari wa Suswa una nusu mita, ukingo wa bamba hautoshi. Tumia rula ndefu.

Kasomaramani
Nimelenga upya, kushoto, kwenye ncha ya kilele. Nasoma 321, mara nyingine 322. Makutano sasa yako kama mita 150 kutoka kwenye nukta iliyorekebishwa. Karatasi nilibandika ukingo kwa ukingo, nitazikata. Reli ya SGR haimo kwenye ramani hii, kwa hiyo siwezi kuitumia kuhakiki.

Nyundo254
Na mawe ya volkano je? Yana chuma, sindano inavutwa. Hizo 150 zinaweza kuwa hapo.

Mzee_wa_Kontua
Inawezekana, ingawa kwa pete ya digrii mbili mbili mita 150 ni ndani ya uwezo wa dira. Sogea hatua 50, mbali na gari na nguzo za umeme, usome tena alama zote mbili. Zikibadilika kwa kiasi kile kile na upande ule ule, ni mwamba. Ikibadilika moja tu, ni mkono wako.

Bi_Rukia
Angalia pia kama sindano inagusa kioo. Dira iliyosawazishwa kwa Ulaya ncha yake ya kusini huinama huku kwetu, ikikwama inadanganya digrii kadhaa. Ishike bapa, igonge kidogo kwa kidole kabla ya kusoma.

Kasomaramani
Inainama kweli, ila bado inazunguka. Nikisogea hatua 50 Longonot inabaki 321, Suswa inakuwa 229.