Namba tasa ya biti 1024: kuongeza 2 au kuchota upya?

Kijana wa Kadutu: Jambo wandugu. Niko Bukavu, naandika programu ya funguo za RSA za biti 2048, kwa hiyo nahitaji namba tasa mbili za biti 1024. Nachota hivi:

```
n = secrets.randbits(1024)
n |= 1 | (3 << 1022)
```

Biti ya mwisho inaifanya witiri. Mbili za juu zinahakikisha nikizidisha tasa zangu mbili nafika biti 2048 kamili. Kisha naigawa kwa tasa ndogo. Ikipita, naipima kwa Miller-Rabin. Ikianguka, niongeze 2 au nichote nyingine?

Dada Ibanda: Ongeza 2, ni haraka zaidi. Na Miller-Rabin ya nini? Hakikisha tu 2 ikipandishwa kwa kipeo n−1, kisha ikigawanywa kwa n, inabakiza 1.

Papa Fundi: Kwa kasi, dada ana haki. Ukubwa huo, witiri moja kati ya 355 hivi ndiyo tasa. Ukiongeza 2, unatunza mabaki ya 3, 5, 7 na wenzake, unaongeza 2 kwa kila baki, hugawi tena jitu lote. Ukichota upya, unagawa toka mwanzo.

Ila kipimo chake kinadanganywa. 561 ni 3×11×17, lakini inakipita. Miller-Rabin inaanza na 2 kwa kipeo 35, kwa sababu 560 ni 16×35, halafu inaendelea kupandisha kwa kipeo cha pili, ikishika kila mara baki la kugawa kwa 561: 263, 166, 67, 1. Hiyo 1 imetoka kwa 67. Kwa tasa, ingetoka kwa 1 au 560 tu. 561 imekamatwa.

Wa Katuba: Mimi huku Lubumbashi nilianzisha `random` kwa saa ya mashini. Kompyuta mbili ziliwashwa pamoja, zikatoa ufunguo uleule! Chunguza hapo kwanza.

Papa Fundi: Yeye anatumia `secrets`, hilo halimgusi. Lakini ni kweli: funguo mbili zikishiriki tasa moja tu, kigawo kikubwa cha pamoja kinazifungua zote.

Kijana wa Kadutu: Basi ubaya wa kuongeza 2 ni upi?

Papa Fundi: Tasa zilizo nyuma ya pengo refu zinapendelewa. Toka 113 mpaka 127 hakuna tasa katikati. Ukianzia 115, 117, 119, 121, 123, 125 au 127, unaishia 127: milango saba. 103 ina mmoja, kwa kuwa 101 nayo ni tasa. Sijaona aliyevunja ufunguo kwa njia hiyo. Hata hivyo mimi nachota upya. Sekunde chache hazinisumbui.

Dada Ibanda: Kwenye simu ndogo zinasumbua, papa. Kwa 561 nimekubali. Kwa kuongeza 2, bado.

Kijana wa Kadutu: Nitachota upya. Miller-Rabin niirudie mara ngapi?

Papa Fundi: Isiyo tasa inaponyoka kila raundi kwa nafasi isiyozidi 1 kati ya 4, na msingi uchotwe upya kila mara. Mimi narudia 40.

Dada Ibanda: Namba imetoka kwa bahati nasibu, hakuna aliyeitega. Tano zinatosha.