Mteja kabadilisha matini katikati ya kazi, hii imeili imekaaje?

Wadau naomba ushauri. Nilipewa mwongozo wa maneno 8,000 nitafsiri, nimeshafika 5,000, jana mteja katuma faili jipya eti "marekebisho madogo tu". Nikalinganisha mafaili mawili kwenye Word, madogo wapi! Maneno mapya 1,800, mengine 700 yamebadilishwa kwenye sehemu niliyokwisha tafsiri, na 400 niliyotafsiri yamefutwa kabisa. Kwa siku namaliza kama 2,000, kwa hiyo hapo nahitaji siku mbili za ziada pamoja na kuhariri.

Nimeandika hivi: "Habari, nimepokea toleo jipya. Limeongeza maneno 2,500 ya kutafsiri, kwa bei ileile tuliyokubaliana kwa neno. Nitakabidhi Jumatatu badala ya Alhamisi. Nimeambatanisha ulinganisho. Nimesimamisha sehemu zilizobadilika hadi unithibitishie, ukichelewa na tarehe itasogea. Ukipenda, naweza kumaliza toleo la zamani kwa bei na tarehe ya mwanzo."

Sasa yale 400 yaliyofutwa sijayataja, ila yamo kwenye ile bei ya mwanzo na sitaki kuyakata maana nilishayatolea jasho. Niyaseme wazi au ninyamaze asije akaanza kubageini?