Fonti ipo kwenye Windows, Word inaiona, programu ya kubuni inaikana. Na fundi kashakula hela yangu

Mchapaji_Mwanga:

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Nina kijiduka cha steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Kadi, mabango, tisheti, mihuri. Juzi kaja mama mmoja wa Ujiji na kazi ya kadi 150 za mchango wa harusi ya binti yake. Kanionyesha picha kwenye simu, anataka majina ya maharusi yawe kwa mwandiko uleule. Nikautambua, Great Vibes. Nikaishusha Google Fonts, nikaitoa kwenye zipu, nikabofya kitufe cha kulia, Install. Sekunde mbili, imeisha.

Nikaingia Settings, Personalization, Fonts: ipo. Word: ipo, na inaandika vizuri mno. Kuja kwenye programu ya kubuni (ni toleo la zamani, lakini ndilo linalonilisha) nashuka kwenye orodha: Gadugi, Georgia, halafu zinaanza za H. Great Vibes hakuna! Nimeifuta na kuiweka upya mara nne, nimezima na kuwasha mara tatu. Wapi.

Nikamwita fundi. Hata kiti hakukalia vizuri, kaangalia dakika mbili akasema, "Hii Windows imechoka bosi, tupige mpya." Elfu ishirini na tano, na siku nzima sina laptopu. Jioni kairudisha, naweka fonti, mambo ni yaleyale. Kumuuliza, ananiambia huenda fonti ina virusi. Fonti ina virusi, jamani! Na mafaili yangu ya mihuri yaliyokuwa Desktop hakuyanakili, yamekwenda na maji.

Mama anataka kadi Ijumaa. Kuna mtu humu anayejua hiki kitu kweli, siyo kubahatisha?

Baba_Tatu:

Hiyo ni kashe ya fonti, mkuu. Andika `services.msc`, tafuta Windows Font Cache Service, bonyeza Restart. Mimi ilinitokea mwaka juzi na nikapona hivyohivyo.

Mchapaji_Mwanga:

Nimefanya sasa hivi. Hakuna kilichobadilika.

Dada_wa_Kasulu:

Afadhali umeleta hii mada, na mimi nateseka. Muhtasari wa kikao cha kikundi chetu nauandika kwa fonti nzuri, nikiutuma kwa mwenyekiti akifungua kwake herufi zinageuka za kawaida. Niweke fonti upya?

Herufi_Kubwa:

Pole sana mkuu. Windows yako haikuwa na ugonjwa wowote, hiyo hela imekwenda bure.

Kabla sijasema kitu, fungua `cmd` uandike hizi mbili, kisha utuambie kila moja imejibu nini:

```
dir "%LOCALAPPDATA%\Microsoft\Windows\Fonts"
dir C:\Windows\Fonts\GreatVibes*
```

Dada wa Kasulu, lako ni jingine. Fonti kwako ipo, kwa mwenyekiti ndiko haipo. Kwenye Word ingia File, Options, Save, uweke tiki Embed fonts in the file, au mtumie PDF tu.

Mchapaji_Mwanga:

Ya kwanza imeniletea GreatVibes-Regular.ttf. Ya pili inasema File Not Found. Sasa imekuwaje isiwepo wakati kwenye Settings naiona kwa macho yangu?

Herufi_Kubwa:

Hapo ndipo penyewe. Zamani fonti ukiiweka inakwenda C:\Windows\Fonts, ya wote, na bila nywila ya admini huiweki. Kuanzia Windows 10 toleo 1809, la mwishoni mwa 2018, ukibonyeza Install ya kawaida fonti inawekwa kwa akaunti yako peke yako, ndani ya ile folda ya AppData uliyoiona. Settings inakuonyesha zote kwa pamoja kana kwamba zimekaa sehemu moja, ndiyo maana umechanganyikiwa, na wala siyo wewe tu.

Word inaiuliza Windows ina fonti gani, inatajiwa zote. Baadhi ya programu zilizotengenezwa kabla ya mabadiliko hayo zinachungulia C:\Windows\Fonts zenyewe. Fonti yako haipo pale, kwa hiyo kwao haijazaliwa. Umeifuta na kuiweka mara nne, lakini mara zote nne umeirudisha chumba kilekile. Kashe ya Baba Tatu ina kazi yake, mfano fonti uliyoifuta ikiendelea kuonekana, ila hapa siyo kashe.

Fanya hivi. Funga Word na hiyo programu ya kubuni, maana ikitumika haitakubali kufutika. Ingia Settings, Fonts, bofya Great Vibes, utakuta imeandikwa Font file na njia inayoanza na C:\Users. Bonyeza Uninstall. Kisha nenda kwenye faili uliyoitoa kwenye zipu, kitufe cha kulia, ila safari hii chagua Install for all users. Ukiwa na Windows 11 na huioni, bonyeza kwanza Show more options. Itakuomba ruhusa ya admini, kubali. Ukimaliza rudia ile `dir` ya pili, na faili ikitokea ndipo ufungue programu.

Baba_Tatu:

Mbona mlolongo wote huo? Si afungue programu kwa Run as administrator, itaona kila kitu.

Herufi_Kubwa:

Hapana kaka. Uadmini haumfanyi mtu aone fonti za akaunti nyingine. Na kama admini wa mashine ni akaunti tofauti, programu inafunguka kwa jina la huyo, na yeye Great Vibes hajawekewa. Unaweza kuwa ulikuwa unaiona ukaipoteza.

Mchapaji_Mwanga:

IMETOKEA! Mara ya kwanza ilikataa kufutika, kumbe Word ilikuwa wazi nyuma na kadi ya majaribio. Nikaifunga, ikafutika, nikaweka ile ya wote, `dir` ikaonyesha faili, nikafungua programu: Georgia, Great Vibes, hiyo hapo. Dakika nne! Elfu ishirini na tano zangu na mafaili ya mihuri, halafu kumbe ni dakika nne!

Lakini nina la pili. Nikajaribu na Dancing Script kwa njia hiyohiyo, imeingia, ila napata unene mmoja tu. Nene haipo.

Herufi_Kubwa:

Angalia jina la faili uliyoweka. Kama lina neno VariableFont, hiyo ni faili moja iliyobeba unene wote, na programu za zamani hazijui kuufungua. Rudi kwenye zipu, kuna folda inaitwa static, humo kila unene una faili yake. Toa ile ya kwanza, uweke hizi, zote kwa Install for all users.

Mchapaji_Mwanga:

Ndiyo, jina ni DancingScript-VariableFont_wght.ttf. Folda ya static niliiona nikaipuuza. Ngoja nimalize kadi za mama kwanza.

Karani_Tabora:

Na sisi wa maofisini? Mimi niko Tabora mjini, kompyuta ni ya ofisi, nikibonyeza Install for all users inadai nywila ambayo anayo mtu wa kompyuta, naye yuko safarini wiki ya pili sasa. Install ya kawaida inakubali ila programu haioni, kama mleta mada.

Herufi_Kubwa:

Bila hiyo nywila kwenye hiyo programu sioni mlango. Unachoweza ni kuandika kichwa cha kazi kwenye kompyuta nyingine yenye fonti, ukakigeuza kuwa kevu, yaani mchoro badala ya herufi, ukaja nacho kwenye fleshi. Kitachapika, ila hutaweza kukihariri.

Karani_Tabora:

Bosi hubadilisha kichwa mara sita kwa siku.

Baba_Tatu:

Mchapaji, huyo fundi ni yule mwenye kibanda karibu na stendi? Nina laptopu yangu kwake tangu Jumatatu.

Mchapaji_Mwanga:

Simtaji mtu hapa. Lakini kama hajaipiga Windows bado, mkuu, wahi.