Mrejesho: Kupokezana zamu katika wasilisho la kikundi

Swali langu lilikuwa: "Tuko wanne na tumepewa dakika 20, tupokezane vipi bila kusuasua, na bila wa kwanza kula muda wa wa mwisho?"

Nawashukuru nyote mlionijibu. Tulifuata ushauri kwamba kila mmoja akariri sentensi yake ya mwisho, yenye kumtaja anayefuata na swali atakalolijibu: "Tumeona gharama zinatoka wapi, sasa mwenzangu ataonyesha zipi zinaweza kupunguzwa." Anayepokea alisimama mapema, mwenzake akiwa bado kwenye slaidi ya mwisho, na ule ukimya wa kutafutana kwa macho ukatoweka kabisa.

Upande wa muda, tulijigawia dakika 4 na nusu kila mmoja, tukabakiza 2 za akiba. Kadi ya "dakika 1", ya kumwonyesha msemaji kuwa amebakiza dakika moja, ilifaa nusu tu, kwani msemaji wa pili aliiona vizuri, lakini kwa kuwa hakuwa ameamua mapema aache nini, aliendelea hadi akaimaliza akiba yote na kugusa muda wa wa mwisho. Huyo wa mwisho aliokolewa na mfano mmoja aliokuwa ameuwekea alama ya kurukwa. Safari ijayo, kila sehemu itakuwa na mfano wake wa kurukwa.